Mtoto Mdogo Anapokohoa Usiku: Kwa Nini Usimpe Dawa ya Maji ya Kikohozi, na Ufanye Nini Badala Yake

Katika duka la dawa ninalofanyia kazi hapa Chake Chake, msimu wa kipupwe unapoingia na usiku ukaanza kuwa wa baridi, hupita nadra siku moja bila ya mama au bibi kusimama mbele yangu akiwa na mtoto begani na kuomba dawa ya kikohozi. Wengi huomba kwa rangi: ile nyekundu, au ile ya kahawia iliyomsaidia mtoto wa jirani. Ninapowaambia kwamba kwa mtoto wa umri ule siuzi, huniuliza maswali yale yale, kwa mpangilio ule ule: kwa nini, mbona zamani zikiuzwa, na sasa nimfanyie nini. Nimeandika mwongozo huu ili majibu hayo yapatikane mahali pamoja, na mtu aweze kuyafuata saa nane za usiku akiwa nyumbani na maduka yote yamefungwa.

Mwongozo unamhusu mtoto wa chini ya miaka 6 mwenye kikohozi cha mafua ya kawaida. Haumhusu mtoto aliyeandikiwa na daktari dawa ya pumu, kiuavijasumu au dawa ya homa, ingawa nazo mara nyingi huja katika chupa za maji. Hizo ni dawa za maradhi yenyewe, na mtoto azitumie kama alivyoandikiwa. Ninachozungumzia ni zile chupa zinazonunuliwa bila ya kupimwa mtoto, kwa ajili ya kunyamazisha kikohozi.

Kwa nini hazifai

Nitaeleza kwa ufupi. Dawa nyingi za aina hii huwa na kitu cha kukausha kamasi na kuleta usingizi, kama klofeniramini, difenhidramini au promethazini, na nyingine huongezwa kitu cha kuzuia kikohozi, kama deksitromethofani au kodeini. Watoto waliopewa deksitromethofani au difenhidramini walipolinganishwa na wenzao waliopewa maji matamu yasiyokuwa na dawa ndani yake, vikohozi vyao vya usiku havikutofautiana. Kikohozi cha mafua hupungua chenyewe baada ya siku kadhaa, na chupa iliyokuwepo kabatini siku hizo ndiyo inayopewa sifa.

Madhara yake, kwa upande mwingine, yanajulikana vizuri. Promethazini inaweza kumzuia mtoto wa chini ya miaka 2 asipumue. Kodeini hugeuka mofini mwilini, na kwa baadhi ya watoto hugeuka kwa kasi kubwa kuliko kawaida, hivyo haifai kutolewa kwa mtoto yeyote wa chini ya miaka 12. Ndiyo sababu Marekani ilionya mwaka 2008 kwamba dawa hizi zisipewe watoto wa chini ya miaka 2, na watengenezaji wa huko wakaandika kwenye chupa zao kwamba zisitumike chini ya miaka 4, na Uingereza nayo mwaka 2009 ikaweka mpaka wa miaka 6. Yapo pia maafa ya mwaka 2022 nchini Gambia, ambako watoto zaidi ya 60 walikufa kwa figo kushindwa kufanya kazi, na sirapu walizokuwa wamepewa zilipopimwa zikakutwa na sumu mbili za viwandani, yaani daiethilini glikoli na ethilini glikoli.

Lakini sababu inayonishughulisha kuliko zote ni nyengine. Mtoto mwenye kikohozi anaweza kuwa na mafua tu, au anaweza kuwa ameanza nimonia, na dalili kubwa za hatari ni mtoto kulegea, kusinzia kupita kiasi na kukataa kunyonya. Dawa ya kikohozi humfanya mtoto mzima asinzie vivyo hivyo. Ukishampa, huwezi tena kujua kama amelala kwa sababu amepata nafuu, kwa sababu ya dawa, au kwa sababu anazidiwa. Nyumba nzima hupumzika, kumbe mgonjwa ndiye anayepoteza muda.

Uwe na vitu hivi kabla ya kuanza

- Saa yenye mshale wa sekunde, au simu yenye kipima muda.
- Chumvi laini ya mezani. Chumvi ya mawe haipimiki vizuri kwa kijiko.
- Maji yaliyochemshwa na kupoa, na chupa safi yenye mfuniko.
- Kitoneshi, au bomba la sindano jipya lisilokuwa na sindano, la mililita 5.
- Kitambaa laini safi cha pamba. Kipande cha kanga kuukuu iliyofuliwa kinatosha.
- Asali, ikiwa tu mtoto ametimiza mwaka mmoja.
- Karatasi na kalamu.

Hatua

1. Hesabu pumzi kabla ya jambo jengine lolote. Subiri mtoto atulie, na bora zaidi awe amelala. Mpandishe nguo hadi kifua na tumbo vionekane, washa taa, kisha hesabu kila mara kifua kinapopanda, kwa dakika nzima. Kosa ninaloliona kila siku ni la kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne. Mtoto mchanga hupumua kwa kasi, akapunguza, akasita, akaanza tena, kwa hiyo robo ya dakika haikupi picha ya kweli. Kosa la pili ni kumhesabu akiwa analia au ananyonya. Ukishamaliza andika idadi na saa, kwa sababu utaihitaji ya kulinganisha asubuhi.

   Pumzi huhesabiwa kuwa za kasi zikifika 60 kwa mtoto wa chini ya miezi 2, 50 kwa mtoto wa miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka, na 40 kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano. Ukiona imefika hapo, ngoja kidogo uhesabu tena. Ikirudi ile ile, safari ni ya kituo cha afya, wala usisubiri homa ipande.

2. Tazama kifua na sikiliza. Angalia sehemu ya chini ya mbavu mtoto anapovuta pumzi ndani. Kwa kawaida hutanuka pamoja na tumbo. Ikiwa inabonyea kuingia ndani kila anapovuta pumzi, mapafu yanafanya kazi ya ziada, na huyo ni mgonjwa wa hospitali hata kama hesabu ya pumzi haikufika mpaka. Hali kadhalika mtoto anayetoa sauti ya kukwaruza anapovuta pumzi akiwa ametulia. Mkoromo wa puani wenye kamasi ni jambo tofauti: huo hupungua ukishasafisha pua, kama utakavyoona katika hatua ya nne.

3. Ondoa moshi chumbani. Hapa kwetu jambo hili lina uzito wake. Chetezo cha ubani au udi kilichowekwa chumbani kwa mzazi, dawa ya mbu ya kuchoma chini ya kitanda, jiko la kuni lililo ukutani mwa chumba cha kulala, na sigara ya baba barazani, vyote humkera mtoto ambaye njia zake za hewa tayari zimevimba. Siwaambii watu waache kufukiza nyumba zao. Ninawaomba wafukize chumba asicholala mtoto, tena mchana, na usiku watumie chandarua badala ya dawa ya kuchoma.

4. Tengeneza maji ya chumvi na usafishe pua. Kikohozi kingi cha usiku cha mtoto mdogo chanzo chake ni kamasi zinazoteremka nyuma ya koo anapolala chali, ndiyo maana kusafisha pua hupunguza kikohozi ambacho watu wanadhani kiko kifuani. Chukua mililita 300 za maji yaliyochemshwa na kupoa, yaani zaidi kidogo ya nusu ya chupa ya nusu lita, utie nusu ya kijiko cha chai cha chumvi laini kisichokuwa na kilima. Tikisa mpaka iyeyuke. Onja: inapaswa iwe na ladha kama ya machozi. Ikiwa ni kali kama maji ya bahari, umezidisha, na itamchoma mtoto puani. Mwaga uanze upya.

   Mlaze mtoto chali mapajani mwako, kichwa kikielekea nyuma kidogo. Tia matone mawili au matatu katika tundu moja la pua, subiri kiasi cha dakika moja kamasi zilainike, kisha sokota ncha ya kitambaa uivute taratibu nje ya tundu. Usiingize kijiti cha pamba ndani ya pua, wala usinyonye kamasi kwa mdomo wako kama ilivyokuwa ikifanywa, kwani unaweza kumpa mtoto maradhi ya koo lako. Fanya vivyo hivyo upande wa pili. Wakati mzuri ni robo saa kabla ya kunyonya na kabla ya kulala, kwa sababu mtoto aliyezibwa pua hawezi kunyonya na kupumua kwa pamoja. Maji yaliyobaki yamwagwe baada ya saa 24.

5. Mpe cha kunywa kinachomfaa umri wake. Chini ya miezi 6 ni maziwa ya mama peke yake, kidogo kidogo na mara nyingi zaidi kuliko kawaida. Asipewe maji ya uvuguvugu, maji ya zamzam, wala chai ya majani yoyote. Baada ya miezi 6 anaendelea kunyonya na anaweza kuongezewa maji ya uvuguvugu au uji mwepesi. Aliyetimiza mwaka anaweza kupewa maji ya mchaichai yaliyopoa hadi kuwa vuguvugu.

6. Asali, kwa aliyetimiza mwaka mmoja tu. Mpe nusu ya kijiko cha chai, yaani mililita 2.5 ukipima kwa bomba, nusu saa kabla ya kulala, kisha umsafishe meno. Hulainisha koo, na kwa kikohozi cha usiku imeonekana kusaidia angalau sawa na hizo dawa za dukani.

   Kwa mtoto wa chini ya mwaka, asali ni marufuku, hata ya kulambishwa kwa ncha ya kidole. Asali inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, ambazo utumbo wa mtoto mkubwa huzishinda lakini wa mtoto mchanga huziacha zikaota na kutoa sumu inayolegeza misuli, hadi ya kupumulia. Kuichemsha hakusaidii, kwa kuwa mbegu hizo hazifi katika joto la maji yanayochemka. Nawaomba pia wazee wanaomfanyia mtoto mchanga tahniki kwa asali pale tende inapokosekana: asali isitumike kabisa.

7. Mlaze, na umhesabu tena. Mtoto mchanga alale chali juu ya godoro lililo sawa, bila ya mto chini ya kichwa. Akisumbuka, mbebe wima begani mpaka atulie, kisha umrudishe. Hesabu pumzi tena kabla hujalala, na asubuhi tena.

Mambo yanayofanyika na yasifanyike

Usimpe mtoto mafuta ya karafuu. Najua nayasema haya Pemba, mahali ambapo kila nyumba ina kichupa chake na wengi wetu tumekua tukipakwa. Mafuta hayo yakimezwa, hata mililita 5 hadi 10 tu, yamewahi kumtia mtoto mdogo katika hali ya kupoteza fahamu na kuharibu ini lake. Kichupa kikae juu, pasipofikika. Kafuri nayo, na marhamu zenye kafuri ndani yake, zisipakwe kifuani wala puani kwa mtoto wa chini ya miaka 2, kwa sababu ikimezwa huleta degedege.

Usimfukize mtoto kwa sufuria ya maji ya moto chini ya shuka. Mvuke haufiki kunakodhaniwa, na sufuria ikipinduka hubaki kovu la maisha. Na usikubali mtoto akatwe kimio kwa sababu ya kikohozi kisichokwisha. Kimio si chanzo cha kikohozi. Kukikata huleta kutoka damu nyingi, usaha na hatari ya pepopunda.

Usiku mmoja ulivyokwenda

Mwaka uliopita bibi mmoja kutoka upande wa Wete alifika dukani jioni akiwa na mjukuu wa kiume wa miezi 14, aliyekuwa akikohoa kwa usiku wa tatu.

"Mwanangu, nipatie ile nyekundu, huyu hanilazi."

"Shikamoo bibi. Kwanza tukae hapa, nimhesabu pumzi."

Alikaa kwenye benchi, mtoto amelala kifuani pake. Tulifungua vifungo vya shati, nikahesabu pumzi 36. Kifua kilikuwa hakibonyei, joto halikuwepo, na alikuwa amenyonya vizuri mchana ule. Pua zote mbili zilikuwa zimeziba. Nilimtayarishia maji ya chumvi mbele yake, akafanya yeye mwenyewe upande wa pili wa pua ili mkono wake uzoee, nikampa kiasi cha asali cha kutoa usiku, na nikamwandikia kwenye karatasi namba mbili: 36, na chini yake 40. Nikamwambia akifika nyumbani amfundishe mama wa mtoto, na hesabu ikifika ile ya chini wasinisubiri mimi.

Usiku ule mtoto alilala. Usiku uliofuata alilala pia, lakini mama yake alipohesabu alfajiri alipata 48, akarudia akapata 49, na mtoto alikuwa anakataa ziwa. Walimpeleka kituo cha afya asubuhi ile ile, akakutwa na nimonia ambayo bado ilikuwa nyepesi, akaandikiwa vidonge vya amoksisilini vya kuyeyusha katika maji, akatibiwa akiwa nyumbani. Natafakari mara kwa mara ingekuwaje lau angekuwa amepewa ile nyekundu. Alfajiri ile wangemwona amelala fofofo hataki ziwa, wangesema dawa imemkolea, na wangemwacha alale.

Mambo yakienda kombo

*Mtoto analia na kujinyonga nikimtia matone.* Pasha chupa kwenye kiganja kabla, kwani maji ya baridi humshtua, na mviringe katika kanga mikono ikiwa ndani. Akiendelea kukataa, matone mawili yanatosha, usimkazie.

*Nimehesabu mara mbili nikapata namba mbili zinazopishana sana.* Huenda mtoto alikuwa hajatulia. Subiri alale usingizi mzito uhesabu mara ya tatu. Ukibaki na shaka huku moja ya hesabu imevuka mpaka, mpeleke.

*Ana homa pamoja na kikohozi.* Parasetamoli inaruhusiwa kwa kipimo cha uzito wake, na mwuzaji akupimie. Ila soma chupa zote ulizonazo, kwa kuwa dawa nyingi za mafua tayari zina parasetamoli ndani yake, na mtoto akipewa zote mbili anapata dozi maradufu inayoumiza ini. Mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye homa asipewe kitu nyumbani. Apelekwe hospitali moja kwa moja.

*Wiki imepita na bado anakohoa.* Hilo peke yake lisikutishe. Nusu ya watoto hupona kikohozi cha mafua ndani ya siku 10, na wengine huchukua hadi wiki tatu na zaidi huku wakicheza na kula kama kawaida. Hata hivyo kikohozi kikitimiza siku 14, apimwe, kwa sababu ndipo kifua kikuu na pumu hutafutwa.

*Kikohozi kimeanza ghafla akiwa anakula njugu au anachezea kitu kidogo.* Hayo si mafua. Kitu kinaweza kuwa kimeingia katika njia ya hewa, na hata akitulia baadaye lazima aonwe siku hiyo hiyo.

*Anakohoa mfululizo mpaka anageuka rangi au anatapika, kisha anavuta pumzi kwa sauti.* Huenda ni kifaduro, ambacho kwa mtoto wa miezi ya mwanzo kinaweza kusimamisha pumzi bila ya kikohozi kikubwa kusikika. Mpeleke hospitali.

*Hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, au haamki vizuri.* Acha kila kitu kilichoandikwa humu na utafute gari.

*Nilishampa dawa ya kikohozi kabla ya kusoma haya.* Usimtapishe. Usimwongeze dozi nyengine. Mkalishe karibu nawe umwangalie anavyopumua, na ujaribu kumwamsha kila baada ya muda mfupi. Akiwa mzito kuamka, akipumua polepole au kwa kusitasita, mpeleke hospitali sasa hivi, na uchukue chupa yenyewe pamoja na kijiko ulichopimia. Daktari atahitaji kujua imetoka mililita ngapi na ndani yake mna nini, na hilo huwa limeandikwa kwenye chupa.